Kwa Nini n³ − n Haikwepi Sita

Chukua namba yoyote nzima. Izidishe kwa yenyewe, uzidishe tena kwa hiyo hiyo, halafu utoe namba uliyoanza nayo. Ukianza na 7, utapata 7 × 7 × 7, yaani 343, na ukitoa 7 zinabaki 336. Gawanya 336 kwa 6: jibu ni 56, hakuna baki. Anza na 10: elfu moja toa kumi ni 990, na 990 ni 6 mara 165. Anza na 100: milioni moja toa mia ni 999,900, nayo ni 6 mara 166,650. Hata 1, inayotoa 0, imo: sifuri ni 6 mara 0, kwa hiyo nayo inagawanyika.

Katika maandishi ya hisabati, n × n × n huandikwa n³, na tulichokuwa tunakokotoa ni n³ − n. Dai ni kwamba kwa kila namba ya kuhesabia, kuanzia 1 na kuendelea, n³ − n inagawanyika kwa 6 bila kubakiza kitu. Wanafunzi wa sekondari ya juu hukutana na swali hili wakijifunza uthibitisho kwa induksheni. Wengi huandika mistari minne au mitano, wakapata maksi zao na kusonga mbele. Mimi naona ni vizuri kukaa nalo zaidi ya hapo, kwa sababu mistari hiyo ikiandikwa kwa haraka huficha mambo mawili mazuri: namna hatua moja inavyoweza kuzifikia namba zisizo na mwisho, na mahali hasa ile 6 inapotoka.

Mtu anaweza kuuliza kwanza kuna haja gani ya uthibitisho. Tumejaribu namba kadhaa na zote zimekubali. Tukijaribu mia nyingine zikakubali, si inatosha? Haitoshi, na mfano mzuri wa kuonyesha hivyo ni wa Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyefanya kazi St. Petersburg na Berlin. Mwaka 1772 aliandika juu ya n² − n + 41. Ukiweka 1 unapata 41, ambayo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukiweka 2 unapata 43, tasa tena. Weka 3 upate 47, weka 4 upate 53, weka 5 upate 61, zote tasa. Ukiendelea hivyo mpaka 40 unafika 1,601, nayo ni tasa. Hapo mtu amekwisha kujaribu mara arobaini mfululizo bila kukosa hata mara moja. Lakini weka 41. Sasa n² na n ni 41 × 41 na 41, na 41 inayotolewa inafutana na 41 inayojumlishwa, kwa hiyo kinachobaki ni 41 × 41, yaani 1,681. Hiyo si tasa, inagawanyika kwa 41.

Majaribio arobaini yalikubali na la arobaini na moja likakataa. Kwa hiyo hata tukijaribu n³ − n kwa namba milioni, tutakuwa tumesema habari za namba milioni tu. Milioni moja na moja itabaki haijaulizwa. Tunahitaji njia ambayo haiziulizi namba moja moja.

Njia yenyewe inaanza kwa kuacha kuyatazama majibu na kuanza kuitazama nafasi kati ya jibu moja na linalofuata. Tuyapange majibu ya n³ − n kuanzia 1: 0, 6, 24, 60, 120, 210, 336, 504. Sasa tuulize, kutoka jibu moja kwenda la pili yake tumeongeza kiasi gani? Kutoka 0 hadi 6 tumeongeza 6. Kutoka 6 hadi 24 tumeongeza 18. Kisha 36, kisha 60, kisha 90, kisha 126, kisha 168. Kila nyongeza ni kigawe cha 6. Na hilo, kama ni kweli daima, linamaliza kazi: ukiwa na kigawe cha 6 mkononi ukakiongezea kigawe kingine cha 6, unachopata hakiwezi kuwa kitu kingine ila kigawe cha 6.

Bado tuna “kama ni kweli daima” ya kushughulikia. Tumeiona kwa nyongeza saba tu, na Euler ametufundisha tusiamini hata arobaini. Tofauti ni kwamba nyongeza ni kitu chepesi kuliko jibu lenyewe, na tunaweza kuifungua tuone ndani yake mna nini. Tuiite namba tuliyopo k, na namba inayofuata k + 1. Jibu la k + 1 ni (k + 1)³ toa (k + 1). Ukizidisha k + 1 kwa yenyewe mara tatu na kuondoa mabano, unapata

(k + 1)³ = k³ + 3k² + 3k + 1.

Toa k + 1 humo. Ile 1 ya mwisho inaondoka, na inaingia −k. Ukiipeleka hiyo −k ikakae kando ya k³, unaona jibu la zamani limejitokeza lenyewe:

(k + 1)³ − (k + 1) = (k³ − k) + 3k² + 3k.

Sehemu ya kwanza, k³ − k, ndiyo tuliyokuwa nayo kabla. Nyongeza ni 3k² + 3k, na kwa kuwa k imo katika pande zote mbili tunaweza kuiandika 3 × k × (k + 1). Jaribu kutoka 7 kwenda 8: nyongeza inatakiwa kuwa 3 × 7 × 8, yaani 168, na kweli 336 kujumlisha 168 ni 504.

Sasa tazama 3 × k × (k + 1) kwa makini. Ile 3 inaonekana waziwazi. Ili tupate 6 tunahitaji 2, na 2 haionekani popote. Imejificha katika k × (k + 1). Hizo ni namba mbili zinazofuatana, na katika namba mbili zinazofuatana moja lazima iwe shufwa: 7 na 8, 12 na 13, 99 na 100. Zao lake kwa hiyo ni shufwa daima. Basi 3 mara namba shufwa ni kigawe cha 6, na hilo ni kweli kwa k yoyote, iwe 7 au iwe namba yenye tarakimu elfu moja. Hatukuitazama k yenyewe, tumetazama tu kwamba ina jirani.

Haya ndiyo yote yanayohitajika, na kwenye karatasi ya mtihani yangekaa hivi. Msingi: n ikiwa 1, n³ − n ni 0, inagawanyika kwa 6. Hatua: tuseme kwa namba fulani k, k³ − k ni kigawe cha 6, tukiandike 6m. Basi (k + 1)³ − (k + 1) ni 6m + 3k(k + 1), na kwa kuwa k(k + 1) ni shufwa, tuiandike 2p, jumla yote inakuwa 6m + 6p, yaani 6(m + p). Kwa hiyo dai likiwa kweli kwa k, ni kweli kwa k + 1. Na kwa kuwa ni kweli kwa 1, ni kweli kwa zote.

Hapo kwenye “tuseme” ndipo watu wengi wanapokwama, na wana haki ya kukwama. Inaonekana kama ulaghai. Tunataka kuthibitisha kwamba n³ − n inagawanyika kwa 6, na katikati ya uthibitisho tunasema, tuchukulie kwamba k³ − k inagawanyika kwa 6. Si tumechukulia kile kile tulichotakiwa kukithibitisha?

Hapana. Katika hatua hatusemi kwamba dai ni kweli kwa k. Tunasema kwamba ikitokea likawa kweli kwa k, basi halina budi kuwa kweli kwa k + 1. Ni ahadi yenye sharti, na ahadi yenye sharti inaweza kuwa sahihi kabisa hata kama sharti halitimii kamwe. Mfano wa wazi uko karibu. Chukua n³ − n + 1 na udai kwamba nayo inagawanyika kwa 6 daima. Kutoka k kwenda k + 1 nyongeza ni ile ile, 3k(k + 1), kwa sababu ile 1 iliyoongezwa imo pande zote mbili na inafutana. Kwa hiyo hatua ni sahihi, haina dosari hata kidogo: kama kungekuwa na k moja ambayo k³ − k + 1 inagawanyika kwa 6, basi ya k + 1 nayo ingegawanyika. Sasa tazama namba zenyewe: 1, 7, 25, 61, 121, 211. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa 6. Zote zinabakiza 1, na zitabakiza 1 milele, kwa sababu kila hatua inaongeza kigawe cha 6 juu ya baki lililokuwepo tangu mwanzo.

Mfano huu unaonyesha mgawanyo wa kazi vizuri kuliko maelezo yoyote ninayoyajua. Hatua kazi yake ni kulinda baki lisibadilike. Msingi kazi yake ni kusema baki hilo ni lipi. Katika n³ − n, msingi unasema baki ni 0, na hatua inalilinda. Katika n³ − n + 1, msingi unasema baki ni 1, na hatua ile ile inalilinda vilevile. Ndiyo maana mstari wa kwanza, ule wa 1 toa 1 ni 0, ambao wanafunzi huuandika kama desturi tu, ndio unaobeba nusu ya uthibitisho.

Kuna njia nyingine ya kujiridhisha, kwa yule ambaye bado ana wasiwasi na neno “zote”. Tuseme ipo namba inayokataa. Kama zipo zinazokataa, basi ipo iliyo ndogo kuliko zote zinazokataa, tuishike hiyo. Haiwezi kuwa 1, kwa kuwa 1 tumeijaribu. Kwa hiyo kuna namba iliyo nyuma yake, na hiyo ya nyuma lazima inakubali, kwa sababu tumeshika iliyo ndogo kuliko zote zinazokataa. Lakini hatua inasema ikikubali ya nyuma, ya mbele nayo inakubali. Basi namba tuliyoishika inakubali na inakataa kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo hakuna inayokataa.

Mtu aliyeiandika njia hii kwa sura inayofanana na tunayoitumia leo ni Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623. Mwaka 1654 aliandika kitabu kidogo juu ya pembetatu ya namba, kikatolewa mwaka 1665, miaka mitatu baada ya kifo chake. Katika moja ya hoja zake anasema kwamba ingawa dai lake lina hali zisizo na mwisho, atalithibitisha kwa ufupi kwa mambo mawili tu: kwamba ni kweli katika safu ya pili, na kwamba likiwa kweli katika safu yoyote, ni kweli katika safu inayofuata. Wazo la kupanda kutoka safu hadi safu lilikuwa la zamani kuliko yeye. Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad karibu na mwaka 1000, aliijua pembetatu hiyo hiyo ya namba na alizijenga safu zake moja juu ya nyingine, kama tunavyosoma kwa as-Samaw'al aliyemfuata katika karne ya 12. Pascal alichoongeza ni kusema bayana kwamba mambo hayo mawili yanatosha.

Pembetatu yenyewe inajengwa hivi: kila safu huanza na kuisha kwa 1, na kila namba ya kati ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Safu ya 1, 3, 3, 1 tumekwisha kuitumia bila kuitaja. Ni zile namba zilizotokea tulipoondoa mabano ya (k + 1)³. Inayofuata ni 1, 4, 6, 4, 1, kisha 1, 5, 10, 10, 5, 1. Sasa gawanya majibu yetu ya n³ − n kwa 6, kuanzia n ikiwa 2: unapata 1, 4, 10, 20, 35, 56, 84. Hizo ni namba za mshazari mmoja ndani ya pembetatu hiyo hiyo ya Pascal. Haikutokea kwa bahati, na sababu yake inaweza kuonekana kwa macho pale sokoni.

Mama anayeuza nyanya kwa fungu huweka tatu chini, zikigusana, na moja juu yake. Fungu hilo lina nyanya 4. Tuseme anataka fungu kubwa zaidi la umbo lile lile. Anahitaji tabaka jingine la chini, pembetatu yenye nyanya tatu kila upande: safu ya tatu, safu ya mbili, safu ya moja, jumla 6. Fungu sasa lina 6 na 3 na 1, yaani 10. Akitaka kubwa zaidi, tabaka jipya la chini litakuwa na 4 na 3 na 2 na 1, jumla 10, na fungu litafika 20. Kwa hiyo 1, 4, 10, 20 ni idadi ya nyanya katika mafungu yenye tabaka moja, mbili, tatu na nne, na hizo ndizo n³ − n gawanya kwa 6.

Hapa hatua ya induksheni imegeuka kitu cha kushikika. Kutoka k kwenda k + 1 tunaingiza tabaka jipya chini ya fungu, pembetatu yenye k kila upande. Idadi ya nyanya ndani yake ni 1 + 2 + 3 na kuendelea mpaka k, na jumla hiyo ni nusu ya k × (k + 1). Kwa 3 ni nusu ya 12, yaani 6, kama tulivyohesabu. Nyongeza yetu ilikuwa 3 × k × (k + 1), na hiyo ni mara sita ya nusu ya k × (k + 1). Kila hatua, basi, inaongeza 6 mara tabaka moja la nyanya. Na kwa kuwa hakuna tabaka lenye nyanya nusu, ile 2 iliyokuwa imejificha haina budi kuwepo.

Nimekaa sana kwenye hiyo 2 kwa sababu hapo ndipo uthibitisho huharibika mara nyingi. Mwanafunzi hufika kwenye 3k² + 3k, akaandika “inagawanyika kwa 6” na kupiga mstari. Kilichoonekana ni 3 tu. Ukitaka kujua kama hoja kama hiyo imesimama, ondoa sehemu moja uone kama mwandishi angegundua. Tuseme nyongeza ingekuwa 3k² peke yake. Mtu yule yule angeandika maneno yale yale, lakini k ikiwa 1 hiyo ni 3, ambayo haigawanyiki kwa 6. Kwa hiyo sentensi kuhusu namba mbili zinazofuatana si pambo, na mwalimu anayekata maksi ikikosekana anafanya haki. Kosa jingine ni kuanzia mwisho: mtu anaandika kwamba (k + 1)³ − (k + 1) ni sawa na 6 mara kitu fulani, kisha anarahisisha pande mbili mpaka afike kwenye jambo la kweli, na kutangaza kwamba amemaliza. Alichofanya ni kutoka kwenye dai kwenda kwenye ukweli, wakati njia inayotakiwa inatoka kwenye ukweli kwenda kwenye dai. Njia hiyo ya kinyume huweza kuanza na uongo na bado ikaishia kwenye ukweli; 1 = 2 ni uongo, lakini zidisha pande zote kwa 0 na utapata 0 = 0.

Ni haki kusema pia kwamba n³ − n ina uthibitisho mwingine, mfupi zaidi. Ukiiandika kwa vigawo inakuwa (n − 1) × n × (n + 1), namba tatu zinazofuatana. Kati ya tatu zinazofuatana moja ni kigawe cha 3, na angalau moja ni shufwa. Kwa hiyo zao lake linagawanyika kwa 3 na kwa 2, na kwa sababu 3 na 2 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, linagawanyika kwa 6. Kwa 7, ni 6 × 7 × 8. Ni uthibitisho mzuri, nao unazifikia namba hasi papo hapo. Induksheni yetu ilianzia 1 na kupanda, kwa hiyo kwa namba hasi inabidi kuongeza sentensi moja: ukibadili alama ya n, n³ − n nayo inabadili alama tu, na −336 inagawanyika kwa 6 sawasawa na 336. Sehemu, kwa upande wake, hazimo kabisa. Nusu inatoa −3/8, na hakuna idadi ya hatua za 1 zitakazokutoa 1 zikufikishe kwenye nusu.

Hata hivyo nionavyo mimi induksheni inatupa kitu ambacho vigawo havitupi kwa urahisi, na hicho kinaonekana tukibadili kipeo. Tumeona n³ − n inagawanyika kwa 3. Vilevile n² − n, ambayo ni n × (n − 1), inagawanyika kwa 2. Je, n⁴ − n inagawanyika kwa 4, na n⁵ − n kwa 5? Jibu limo katika safu za pembetatu ya Pascal. Kwa kipeo cha 5, ukiondoa mabano ya (k + 1)⁵ na kutoa kama tulivyofanya mwanzo, nyongeza inakuwa 5k⁴ + 10k³ + 10k² + 5k. Namba za mbele ni 5, 10, 10, 5, zote vigawe vya 5, kwa hiyo hatua inasimama, na msingi ni 0 kama kawaida. Dai ni kweli, na 2 inatoa 32 toa 2, yaani 30.

Pierre de Fermat aliandika katika barua ya mwaka 1640 kanuni inayobeba haya yote: p ikiwa namba tasa, nᵖ − n inagawanyika kwa p. Uthibitisho hakuutoa. Euler aliuwasilisha mwaka 1736, na njia aliyotumia ndiyo hii hii tuliyopita, kutoka k kwenda k + 1 kwa kutazama namba zinazotokea mabano yakiondolewa. Kipeo kikiwa tasa, namba zote za kati katika safu yake ni vigawe vya kipeo hicho. Kwa 7 safu ni 7, 21, 35, 35, 21, 7, na kila moja inagawanyika kwa 7.

Kwa kipeo cha 4, ambayo si tasa, nyongeza ni 4k³ + 6k² + 4k. Zile 4 za pembeni zinakubali, lakini 6 ya kati inakataa: k ikiwa witiri, 6k² inabakiza 2 ikigawanywa kwa 4. Hatua inavunjika hapo, kwenye namba moja unayoweza kuinyooshea kidole, na inavunjika mara ya kwanza kabisa, kutoka 1 kwenda 2, ambapo nyongeza ni 4 + 6 + 4. Hiyo ni 14, sawa na 16 toa 2, na 14 haigawanyiki kwa 4.